Kufomati SSD mara tatu hakujaifuta: namna ya kuisafisha kabla ya kuiuza

"Habari mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa SACCOS yetu hapa Morogoro. Nimebadilisha SSD ya kompyuta mpakato ya ofisi. Ile ya zamani ni NVMe ya GB 256, na nimeshapata mteja. Niliiweka kwenye kasha la USB nikaifomati mara tatu. Kijana wangu akaijaribu kwa programu ya kurudisha mafaili, zikatoka fomu za mikopo na picha za vitambulisho vya wanachama. Nifomati mara ngapi ndipo viishe? Au niijaze muvi halafu nizifute?"

Nzuri, ndugu mweka hazina. Mteja naomba asubiri kwanza. Hata ukiifomati mara ishirini zaidi, kijana wako atazitoa fomu zile zile, kwa sababu kufomati kwa namna uliyofanya hakuzigusi kabisa. Kinachotakiwa ni amri moja inayokwenda kwa kidhibiti cha diski yenyewe, ile chipu inayosimamia chipu nyingine zote za kumbukumbu, ikiambiwa ifute kila kitu. Kwa diski ya GB 256 kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika chache tu. Tatizo ni kwamba amri hiyo mara nyingi haipiti kwenye kasha la USB, kwa hiyo diski itabidi irudi ndani ya kompyuta.

Ukichagua "Quick Format" kwenye Windows, kinachoandikwa ni orodha mpya ya mafaili isiyo na kitu. Windows ikiisoma orodha hiyo inakuambia diski ni tupu, lakini fomu zenyewe ziko pale pale zilipokuwa. Programu za kurudisha mafaili haziiamini orodha. Zinasoma diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho zikitafuta alama ambazo kila faili ya PDF au ya picha huanza nazo, na zikizikuta zinakukusanyia faili lako.

Ungefanya fomati hiyo hiyo diski ikiwa ndani ya mashine, huenda kijana wako asingepata chochote. Windows inapofomati SSD iliyochomekwa moja kwa moja, pamoja na kuandika orodha mpya huiarifu diski kwamba maeneo yote hayo hayahitajiki tena. Taarifa hiyo inaitwa TRIM. Diski nyingi zikishaipokea hurudisha sifuri kwa yeyote anayeyasoma maeneo hayo, na zinayafuta kwa nafasi yake baadaye. Makasha mengi ya USB hayaipitishi taarifa hiyo, na inaonekana la kwako ni mojawapo. Nasema bahati nzuri kwamba kijana aliijaribu, maana ingekuwa ndani ya mashine mngeona patupu mkaamini kazi imekwisha. TRIM ni taarifa tu, si agizo la kufuta. Lini bloku zifutwe kweli, na kama zote zitafutwa, kidhibiti ndicho kinachoamua, na wewe huna pa kuona kimeamua nini.

Sasa swali lako la muvi. Kwa diski za zamani za sahani zinazozunguka, kujaza juu ya data ya zamani kulikuwa na maana, kwa sababu ukiandika mahali fulani, kichwa cha diski kinaandika hapo hapo juu ya kilichokuwapo. SSD haiwezi kufanya hivyo. Kumbukumbu yake inaandikwa kwa vipande vidogo vya kilobaiti chache, lakini haifutiki kipande kimoja kimoja. Hufutika kwa bloku nzima yenye mamia ya vipande hivyo. Kwa hiyo unapobadilisha fomu ya mkopo ukaihifadhi upya, kidhibiti hakiendi kuhangaika na bloku ya zamani. Kinaandika fomu mpya mahali pengine patupu, kinarekebisha daftari lake la ndani kwamba anwani ile sasa iko huku, na nakala ya zamani inabaki ilipo mpaka siku bloku ile itakapohitajika. Tena kidhibiti kinahamisha data chenyewe, kusudi bloku zote zichakae sawasawa. Fomu moja ikiwa imehaririwa mara kadhaa na kuhamishwa mara kadhaa, inaweza kuwa na nakala kadhaa ndani ya chipu, na wewe ukaona moja tu.

Na SSD ina nafasi ambayo kompyuta haiioni kabisa. Chukua diski kama yako. Kompyuta inaonyeshwa baiti 256,060,514,304, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha diski za GB 256. Chipu zenyewe mara nyingi zinajumlisha baiti 274,877,906,944. Tofauti ni karibu GB 18.8, ambazo kidhibiti kimejiwekea kwa ajili ya kuhamishia data na kuziba pengo la bloku zinazokufa. Ukiijaza diski muvi hadi Windows iseme nafasi imekwisha, umejaza kile unachoonyeshwa. Zile 18 na ushei zinabaki kwa kidhibiti, na ndani yake mnaweza kuwa na mabaki ya mafaili ya zamani. Picha moja ya kitambulisho iliyoskaniwa ikiwa na kilobaiti 300, eneo hilo linatosha picha zaidi ya 60,000. Simaanishi kwamba zimo zote humo. Namaanisha kwamba kuandika kutoka nje hakukupi njia ya kulifikia eneo hilo kwa uhakika.

Fomati ndefu ya Windows ina kasoro hiyo hiyo. Tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima, kwa hiyo ni sawa na muvi zako, ila ni sifuri. Programu za kuandika mara 7 au mara 35 nazo zilitungwa kwa ajili ya diski za sumaku, na hesabu ile ya 35 ni ya mwaka 1996, kabla SSD hazijaingia kwenye kompyuta za watu. Kwa SSD zinakula uhai wa diski unayotaka kuiuza, na bado haziingii kwenye eneo lililofichwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego waliwahi kulipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2011. Waliandika data yenye alama kwenye SSD, wakaifuta kwa njia mbalimbali, kisha wakazisoma chipu moja kwa moja bila kumpitia kidhibiti. Kuandika diski nzima mara mbili kulitosha kwa diski nyingi, lakini si zote. Kufuta faili moja moja kwa kuandika juu yake kulishindwa vibaya. Na kuna diski iliyopewa amri ya kiwandani ya kufuta, ikajibu kwamba imefaulu, na data yote ikakutwa imo. Hilo la mwisho nitalirudia mbele, kwa sababu linahusu namna ya kuhakiki.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, kama SSD mpya imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows kinachoisimba data yote isisomeke bila ufunguo, nakili ufunguo wake wa uokoaji, ule wenye tarakimu 48, uuweke kwenye karatasi. Kugusa mipangilio ya BIOS, programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows, kunaweza kuifanya Windows iuulize. Kisha zima mashine, toa SSD mpya, weka ya zamani mahali pake. Usijaribu kuziacha zote mbili ndani hata kama kuna nafasi ya pili. Amri utakayotoa haiulizi mara mbili na hairudi nyuma, na majina ya diski mbili hutofautiana kwa tarakimu moja tu. Mashine ikiwa na diski moja, huwezi kufuta nyingine. Chomeka chaja.

Kabla ya kwenda mbali, ingia kwenye BIOS uangalie kama mtengenezaji ameweka kifutio humo. Kompyuta nyingi za ofisi za HP zina kipengele cha "Secure Erase", na za Dell zina "Data Wipe". Kama kipo na kinaiona SSD, kitumie. Kinapeleka amri za aina ile ile ninazoeleza hapa chini, bila wewe kuandika chochote. Baada ya hapo washa mashine kwa flashi ya Ubuntu kama ninavyoeleza hapa chini, kisha nenda moja kwa moja kwenye uhakiki.

Kama hakipo, tengeneza flashi ya Ubuntu kwenye kompyuta nyingine, washa mashine kwa flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Unganisha mtandao, fungua dirisha la amri, uandike:

```
sudo apt update
sudo apt install nvme-cli
sudo nvme list
```

Amri ya tatu itakuonyesha diski iliyomo, jina la modeli yake na ukubwa wake. Linganisha modeli na kibandiko kilicho juu ya SSD. Kama orodha ni tupu, mara nyingi BIOS imeifunika diski kwa mpangilio wa "RAID" au "RST". Badilisha kuwa "AHCI" kwa muda, na ukimaliza urudishe kama ulivyoukuta kabla ya kuweka SSD mpya, la sivyo Windows yako inaweza isiwake.

Kabla ya kufuta, tazama mwanzo wa diski ulivyo sasa, ili uwe na cha kulinganisha:

```
sudo hexdump -C -n 1024 /dev/nvme0n1
```

Upande wa kulia, katikati ya alama zisizosomeka, kwa kawaida utaona maneno "EFI PART". Hapo ndipo jedwali la sehemu za diski linapoanzia. Likumbuke neno hilo. Sasa iulize diski inajua kufuta kwa njia gani:

```
sudo nvme id-ctrl -H /dev/nvme0 | grep -iE 'sanitize|crypto|format'
```

Unatafuta mstari unaosema "Block Erase Sanitize Operation Supported". Ukisema "Not Supported", diski yako haina hiyo, na nitakupa mbadala wake. Kama inayo, toa amri hii:

```
sudo nvme sanitize /dev/nvme0 --sanact=2
sudo nvme sanitize-log /dev/nvme0
```

Namba 2 maana yake ni kufuta bloku zenyewe kwa umeme. Hii ndiyo ninayoipendelea kuliko zote, kwa sababu kwa mujibu wa kiwango cha NVMe inagusa kila mahali palipowahi kukaa data ya mtumiaji, pamoja na zile GB zilizofichwa na kumbukumbu za muda za diski. Pia ina tabia inayotufaa huku kwetu. Umeme ukikatika katikati, au mashine ikizimika, diski ikiwashwa tena inaendelea na kufuta ilipoishia, na haikubali kusomwa kama kawaida mpaka imalize.

Amri ya pili ndiyo ripoti. Irudie kila baada ya muda mfupi. Kwenye mstari wa "SPROG" namba itakuwa inapanda, na ikifika 65535 na mstari wa "SSTAT" ukaonyesha 0x101, au walau ukaishia na 1, diski inasema imemaliza salama. Ukiishia na 2 bado inaendelea. Ukiishia na 3 imeshindwa, na diski iliyoshindwa hapo usiiuze.

Kama diski haina amri hiyo, tumia hii:

```
sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1
```

Jina linafanana na fomati ya Windows lakini kazi ni nyingine kabisa. Hii ni fomati inayofanywa na kidhibiti chenyewe, na --ses=1 ndiyo inayokiambia kifute data ya mtumiaji. Ukiisahau sehemu hiyo ya mwisho, hujaagiza kufuta. Matoleo mapya ya programu yanakupa sekunde 10 za kughairi kabla ya kuanza. Ikifaulu utasoma "Success formatting namespace:1". Ikikataa, ilaze mashine usingizini, iamshe, ujaribu tena. Baadhi ya BIOS hufunga amri za kufuta wakati wa kuwasha, na usingizi huo huzifungua.

Utaona pia njia ya tatu, ya kufuta ufunguo. SSD nyingi husimba kila kinachoandikwa kwa ufunguo uliomo ndani yao, hata kama hujawahi kuweka nywila. Amri ya --ses=2, au --sanact=4, huutupa ufunguo huo ukatengenezwa mwingine, na data yote ikabaki takataka isiyosomeka. Ni ya sekunde chache na ni halali, lakini inategemea mtengenezaji awe ameufanya usimbaji wake vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kasoro kubwa kwenye usimbaji wa ndani wa modeli kadhaa za Crucial na Samsung. Kwa hiyo kwa data ya watu wengine kama hii yako, mimi nataka bloku zifutwe. Ukitaka ufunguo utupwe pia, utupe kwanza, kisha ufute bloku.

Sasa uhakiki. Rudia ile amri ya hexdump. "EFI PART" inatakiwa iwe imetoweka, na kwa diski nyingi utaona mstari mmoja wa sifuri tupu, nyota chini yake, na basi. Hiyo ni baiti 1024 za mwanzo tu. Kusoma diski nzima andika:

```
sudo cmp /dev/zero /dev/nvme0n1
```

Inalinganisha diski na sifuri mpaka mwisho. Ikikujibu kwa "EOF on /dev/nvme0n1", imefika mwisho bila kukuta chochote kisicho sifuri. Ikijibu "differ", imekuta kitu, lakini usishtuke kabla ya kutazama. Kuna diski ambazo baada ya kufutwa husomeka ff mwanzo mpaka mwisho, na zilizotupiwa ufunguo zinaweza kusomeka kama alama za ovyo. Hapo mwite kijana wako aendeshe programu yake ile ile. Kama jana ilitoa fomu na leo haitoi hata moja, umepata ulinganisho mzuri, kwa sababu ni programu hiyo hiyo na diski hiyo hiyo.

Ujue tu uhakiki huu unaishia wapi. Unasoma kwa kupitia kidhibiti, na kidhibiti kinaweza kukupa sifuri hata kabla hakijafuta, kama nilivyoeleza kwenye TRIM. Unakuwezesha kugundua kufuta kulikoshindwa waziwazi, kama ile diski ya mwaka 2011 ambayo mafaili yake yalifunguka kama kawaida. Hauwezi kuthibitisha kilichomo ndani ya chipu. Ndiyo maana nataka vitu viwili kwa pamoja, ripoti ya kufaulu, kama 0x101 au ile ya "Success", na usomaji usio na kitu. Mnunuzi wa kawaida, na hata fundi mwenye programu za kurudisha mafaili, hatapita hapo. Kumpita kidhibiti ni kazi ya kung'oa chipu na kuzisoma kwa vifaa maalumu, kisha kuunganisha vipande vilivyotawanywa.

Kama siku nyingine utakuwa na SSD ya SATA, ile bapa ya inchi 2.5, wazo ni lile lile lakini amri ni za hdparm, na nayo ichomekwe ndani ya mashine, si kwa USB:

```
sudo hdparm -I /dev/sda
sudo hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sda
sudo hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sda
```

Hakikisha kwanza kwamba /dev/sda ndiyo diski yenyewe na siyo flashi ya Ubuntu. Amri ya kwanza inakuonyesha modeli, na sehemu ya "Security" isomeke "not frozen". Ikisomeka "frozen", usingizi ule ule wa mashine ndiyo dawa. Amri ya pili inaweka nywila ya muda, hapa ni herufi p, kwa sababu diski haikubali kufutwa bila nywila. Kufuta kukikamilika nywila hutoka yenyewe. Kukikatizwa, diski hubaki imefungwa kwa p, kwa hiyo usiweke nywila ya kusahaulika.

Diski isiyokubali amri yoyote, au inayoonekana leo na kupotea kesho, haiuzwi kwa bei yoyote. Sumaku haiifanyi kitu, kwa sababu SSD haihifadhi kwa sumaku. Kutoboa ubao tundu moja hakutoshi pia. Zinazotakiwa kuvunjika ni chipu nyeusi za kumbukumbu, kila moja, vipande vipande, na kumbuka baadhi ya diski zina chipu pande zote mbili.

Kuhusu SSD mpya, washa BitLocker sasa hivi, kabla haijajaa. Windows ikikuuliza, kwa diski ambayo imeshatumika chagua kusimba diski nzima, si nafasi iliyotumika pekee, maana mabaki ya mafaili uliyokwisha kuyafuta hukaa kwenye ile nafasi inayoitwa tupu. Data ikiwa imesimbwa tangu inapoandikwa, hata nakala zinazobaki kwenye GB zilizofichwa zinakuwa zimesimbwa, na siku diski ikifa ghafla usiweze kuipa amri yoyote, hutakuwa na fomu za watu zilizo wazi ndani yake. Kwa ofisi inayotunza vitambulisho vya wanachama, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mimi nisingeiacha mashine hata moja bila hiyo.

Ukishafuta, usiifomati upya wala usiisakinishie Windows. Mpe mteja hivyo hivyo ilivyo. Akiuliza kama bado ina uhai, mwonyeshe matokeo ya amri hii:

```
sudo nvme smart-log /dev/nvme0
```

Atazame mistari ya "percentage_used" na "power_on_hours". Kufuta hakuzirudishi namba hizo nyuma, kwa hiyo ataona imetumika kiasi gani, na hapo mtapatana bei.